Kikohozi wiki nane baada ya mionzi ya kifua: doa la juu ya pafu si lazima liwe TB

*Mama yangu ana miaka 58, uzito kilo 62, tunaishi Ahero. Alikatwa titi la kushoto, akapata kemo, kisha akapigwa mionzi mara 15 Eldoret, kifuani na juu ya mtulinga. Ni wiki nane tangu amalize. Kwa wiki tatu sasa anakohoa kikohozi kikavu, na akitoka sokoni lazima apumzike mara mbili njiani. Jioni hupata joto kidogo. Amepewa antibiotiki mara mbili bila nafuu. Eksirei imeonyesha doa juu ya pafu la kushoto. GeneXpert haikuona TB, lakini wanataka kumwanzishia dawa za TB hata hivyo. Yawezekana ni ile mionzi? Na kama ndiyo, inatibiwaje?*

Ndiyo, yawezekana kabisa, na kwa maelezo uliyotoa ningeiweka mionzi mbele ya TB katika orodha ya washukiwa. Mapafu yaliyopigwa mionzi huweza kuvimba bila kidudu chochote. Hali hiyo huitwa nimonaitisi ya mionzi, na jina lake lisikuchanganye na nimonia, ambayo huletwa na vimelea. Ndiyo maana antibiotiki hazikumsaidia: hakukuwa na cha kuua.

Tazama kwanza tarehe. Nimonaitisi ya mionzi haianzi siku za matibabu. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kipindi cha mwisho, na mara chache huchelewa hadi mwezi wa sita. Mama alianza kukohoa wiki ya tano. Kuchelewa huko kuna sababu yake. Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli zinazotengeneza utelezi unaovizuia vifuko visijikunje na kushikana. Mionzi huzijeruhi seli hizo pamoja na kuta za mishipa midogo ya damu, lakini haziangamii siku hiyo hiyo. Hufa polepole, wiki baada ya wiki, kila moja inapofika zamu yake ya kujigawa au kubadilishwa. Kadiri zinavyopungua, majimaji huvuja kwenye vifuko, seli za kinga hukimbilia pale, na pafu huwa zito kama sifongo iliyoloa. Mgonjwa aliyekuwa ameshasahau mambo ya mashine ndipo huanza kukohoa, na kwa kuwa muda umepita hakuna nyumbani anayekumbuka kuitaja mionzi mbele ya daktari wa kawaida.

Jambo la pili ni mahali. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa saratani ya titi katika nchi yenye TB nyingi kama yetu hupotezwa njia. Mionzi ya ukuta wa kifua hupitishwa kwa mshazari, kushoto na kulia, ikikwangua ukanda mwembamba wa mbele ya pafu. Lakini mama alipigwa pia juu ya mtulinga, ili kuzifikia tezi zilizo pale. Mionzi hiyo huingia kwa mbele na kupita kwenye kilele cha pafu, kwa sababu kilele hicho hujitokeza juu kuliko watu wengi wanavyodhani, hadi nyuma ya mtulinga wenyewe. Basi eneo linalovimba ni kilele cha pafu, na kilele cha pafu ndicho mahali TB ya watu wazima hupenda kukaa. Daktari anayesoma eksirei bila kujua habari za mionzi ataona doa pale juu, atasikia kikohozi cha wiki tatu na joto la jioni, na TB itamjia kichwani mara moja. Simlaumu. Kwa mgonjwa asiyepigwa mionzi, angekuwa amefikiri sawasawa.

Tofauti huonekana vizuri kwenye picha ya CT ya kifua, ambayo mama anaihitaji kabla ya kuamua lolote la miezi sita. Kwenye nimonaitisi ya mionzi huonekana ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mara nyingi ukungu huo hukoma ghafla kwenye mstari ulionyooka kana kwamba mtu amepiga rula. Mstari huo ndio ushahidi wenyewe. Ugonjwa wa vidudu hufuata njia za hewa na sehemu za pafu zilivyogawanyika kimaumbile, lakini mionzi hufuata ukingo wa mashine. TB kwa upande wake huelekea kuacha mashimo, vinundu vidogo vilivyotawanyika kama matawi yenye machipukizi, na tezi zilizovimba katikati ya kifua.

Ombeni kituo alikotibiwa kiwape muhtasari wa mionzi: tarehe ya kuanza na kumaliza, kipimo (kwa vipindi 15 mara nyingi huwa grei 40), na picha ya mpango inayoonyesha eneo lililopigwa. Picha hiyo ikiwekwa kando ya CT, ukungu ukakaa ndani ya eneo lile lile, shaka hupungua sana. Muhtasari huu huweza kutumwa kwa simu, na una thamani kuliko antibiotiki ya tatu. Kuna kitu kimoja cha kutahadhari nacho: baada ya mionzi ya titi, baadhi ya wagonjwa hupata aina ya uvimbe unaohama, unaotoka nje ya eneo la mashine na hata kuvuka kwenda pafu la pili. Kwa hiyo ukungu nje ya mstari haufuti mionzi moja kwa moja, ila humlazimu daktari atafute zaidi.

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni mionzi". Utambuzi hufikiwa kwa kuondoa washukiwa wengine mmoja mmoja, na kwa mama nawaona watatu wanaostahili kutazamwa kwa makini.

Wa kwanza ni TB yenyewe. GeneXpert isiyoona kitu ina uzito, lakini inategemea kilichopimwa. Mwenye kikohozi kikavu mara nyingi hutoa mate badala ya makohozi, na mate hayatoi jibu la kutegemewa. Aombewe kuvuta mvuke wa maji ya chumvi kwenye nebulaiza ili atoe makohozi ya kutoka chini, kisha GeneXpert irudiwe na sampuli nyingine ipelekwe kuoteshwa. Majibu ya kuotesha huweza kuchukua wiki sita au zaidi, hivyo matibabu mengine hayatayangoja. Kipimo cha VVU kiwe cha karibuni, si cha kabla ya kemo.

Mshukiwa wa pili ni donge la damu lililosafiri hadi kwenye mapafu. Saratani huongeza hatari hiyo, na kama anameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, navyo huongeza. Muulize kama mguu mmoja umevimba au unauma kwenye shavu la mguu, kama pumzi ilikata ghafla siku moja badala ya kupungua taratibu, kama amekohoa damu. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, CT ifanywe kwa dawa ya kung'arisha mishipa, na isingoje wiki ijayo.

Wa tatu ni moyo. Kemo ya titi mara nyingi huwa na doksorubisini, ile dawa nyekundu, na wengine huendelea na trastuzumabu; zote mbili huweza kuudhoofisha moyo. Mwenye moyo dhaifu huvimba miguu yote miwili, hushindwa kulala chali, na huamka usiku akitafuta hewa. Picha ya moyo ya ultrasaundi hulimaliza swali hilo kwa siku moja.

Nije kwenye pendekezo la kumwanzishia dawa za TB kwa kukisia. Kuna wakati hilo huwa sawa, lakini kwa mama lina gharama mbili zisizoonekana haraka. Rifampisini, iliyo ndani ya vidonge vya TB, hulichochea ini liyeyushe dawa nyingine upesi. Huishusha tamoksifeni mwilini kwa kiasi kikubwa sana, maana yake kinga dhidi ya saratani kurudi hupungua. Huishusha pia prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi ambayo ndiyo tiba ya nimonaitisi, kiasi kwamba kipimo cha kawaida huenda kisitoshe. Gharama ya pili ni ya muda: nimonaitisi nyepesi huweza kupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa, kila mtu akasema dawa za TB zimefanya kazi, na mama akameza vidonge miezi sita kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Kabla ya kutibu, pimeni ukubwa wa tatizo. Kipima oksijeni cha kidoleni kinapatikana kwenye maduka mengi ya dawa. Apumzike dakika tano, vidole viwe na joto na bila rangi ya kucha, msome namba. Kisha atembee dakika moja kwa mwendo wake wa kawaida, msome tena. Namba ikishuka kwa alama 4 au zaidi, pafu halitoshelezi hata kama ya mwanzo ilikuwa nzuri. Kumbukeni pia kwamba mwinuko huibadilisha namba hii. Ahero na Kisumu ziko kwenye mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, na mtu mwenye mapafu mazima huko husoma 95 hadi 98. Eldoret, karibu mita 2,100, mtu yule yule husoma chini kidogo. Kwa hiyo msilinganishe namba ya Ahero na ya kliniki ya Eldoret mkadhani amezidiwa njiani. Linganisheni za nyumbani kwa za nyumbani, saa ile ile ya siku.

Mgonjwa ambaye eksirei yake ina doa lakini hajisikii chochote hatibiwi. Huangaliwa tu. Mama hayuko hapo, kwa sababu soko limeshakuwa mbali kwake. Yuko kiwango cha kati: ana dalili zinazomzuia shughuli zake, lakini kwa maelezo yako hahitaji oksijeni. Kiwango hiki hutibiwa nyumbani kwa prednisoloni. Akikosa pumzi akiwa ameketi, akishindwa kumaliza sentensi, au namba ikikaa chini ya 90, huyo ni wa kulazwa siku hiyo hiyo, apewe oksijeni na steroidi kwa mshipa.

Prednisoloni hupimwa kwa uzito, kati ya nusu miligramu na miligramu moja kwa kila kilo kwa siku, bila kupita miligramu 60. Kwa kilo 62 hiyo ni kati ya 31 na 60, na madaktari wengi wangemwanzishia 40. Mfano wa mpango wenye vidonge vya miligramu 5 ni huu: vidonge 8 kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha 6 kwa wiki mbili, 4 kwa wiki mbili, 2 kwa wiki mbili, na 1 kwa wiki mbili za mwisho. Jumla ni wiki 10 na vidonge 294. Nimevihesabu kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi dozi hukatika pale vidonge vinapoisha kabla ya tarehe ya kliniki, si pale ugonjwa ulipoisha. Vyote vya siku humezwa kwa mara moja, asubuhi baada ya uji au chai na kitu cha kula. Akivigawa hadi jioni hatalala. Mpango wenyewe autoe daktari wake wa saratani. Huu ni wa kukuonyesha urefu wa safari, usiununue dukani.

Urefu ndio siri ya tiba hii. Pumzi huanza kufunguka ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na hapo watu wengi huacha. Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni ile dozi ya siku tano au saba ambayo duka la dawa huitoa kwa kikohozi chochote kinachosumbua. Mgonjwa hupona wiki ile, uvimbe ulio chini bado unaendelea, kisha kikohozi hurudi, wakati mwingine kikali kuliko mwanzo. Halafu huitwa pumu, hupewa inhela, na miezi hupita.

Hata mpango mzuri huweza kukwama njiani. Mara nyingi hukwama mgonjwa anaposhuka kwenye vidonge 4 au 2. Kikohozi kikirudi hapo, daktari hurudi kwenye kipimo cha mwisho kilichomtuliza, hukaa nacho wiki mbili hivi, kisha hushuka kwa hatua ndogo zaidi, kidonge kimoja kimoja. Lakini msichanganye kurudi kwa ugonjwa na mwili uliozoea dawa. Mwili unaopewa steroidi kwa wiki nyingi huacha kutengeneza za kwake. Akiacha ghafla au akishuka upesi mno, huweza kuishiwa nguvu, kuona kizunguzungu akisimama, kutapika, na presha kushuka, kikohozi kikiwa hakijabadilika. Hiyo ni dharura, na dawa yake ni kurudishiwa steroidi. Vivyo hivyo akishikwa na malaria au akitapika vidonge siku nzima: aende hospitali awaambie yuko kwenye prednisoloni.

Pamoja na prednisoloni huenda dawa za kumlinda nayo. Kwa kuwa atakaa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki sita, anahitaji septrini kuzuia nimonia ya fangasi inayowapata wenye kinga iliyoshuka. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 960 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mradi hana mzio wa salfa. Omeprazoli hulinda tumbo, hasa kama anameza dawa za maumivu. Apewe dawa ya minyoo kabla au mwanzoni, ikiwezekana ivermektini, kwa sababu kuna mnyoo mmoja wa udongoni anayeingia kwa kutoboa ngozi ya miguu, akaishi kimya miaka mingi, na steroidi humfungulia mlango azaliane mwili mzima. Kwa mtu aliyelima mashamba ya mpunga ya Ahero bila viatu, hilo si jambo la vitabuni tu.

Sukari nayo ipimwe, na saa ya kupima ina maana. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, halafu usiku hushuka tena. Anayepima kabla ya kifungua kinywa tu ataona namba nzuri kila siku na kudanganyika. Pimeni saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni, mara mbili kwa wiki. Ikizidi 11 mara kwa mara, mwambieni daktari. Kwa kawaida huongezwa dawa ya sukari kwa muda, prednisoloni haikatwi.

Kwa kikohozi chenyewe, sirapu za dukani hazifiki mbali. Kodeini kidogo usiku, kwa cheti cha daktari, humpa usingizi, ila huleta kufunga choo. Apikiwe mbali na moshi wa kuni na makaa kwa kipindi hiki chote. Pafu lililovimba halina nafasi ya kupoteza kwa moshi.

Baada ya wiki mbili za prednisoloni lazima kuwe na tofauti inayoonekana: kikohozi kupungua, namba ya oksijeni kutoshuka sana akitembea, soko kufikika kwa mapumziko machache. Kama hakuna lolote lililobadilika, tatizo kwa kawaida ni utambuzi, si kipimo. Msikubali vidonge viongezwe tu. Rudini kwenye washukiwa watatu niliowataja, pamoja na saratani iliyosambaa ndani ya mapafu, ambayo CT huweza kuionyesha. Joto likipanda juu ya 38.5 na makohozi yakawa ya manjano au ya kutu wakati yuko kwenye steroidi, hapo kweli antibiotiki zinahitajika, na bila kuchelewa. Na kama majibu ya kuotesha yatarudi na TB, ataanzishiwa dawa za TB bila kuiacha prednisoloni ghafla, kipimo chake kikipangwa upya kwa sababu ya rifampisini. Nusu ya pili ya hesabu hiyo ni tamoksifeni: daktari wa saratani ajulishwe siku hiyo hiyo, aamue kama ataibadilisha.

Eksirei mara nyingi hairudi kuwa safi hata mama akipona kabisa. Kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili, sehemu iliyovimba hugeuka kovu, kilele cha pafu hujivuta kidogo kwenda juu, na mstari ule ulionyooka hubaki. Kovu hilo halitibiwi. Lakini kila atakapopigwa eksirei kwa sababu nyingine, miaka mitano au kumi ijayo, kuna atakayeliona na kusema TB ya zamani, au TB mpya. Mhifadhie CT ya sasa na ule muhtasari wa mionzi kwenye bahasha moja na kadi yake ya kliniki, na kwenye simu mbili za nyumbani. Na kama siku moja atahitaji tena kemo, hasa paklitakseli au jemsitabini, amwonyeshe daktari bahasha hiyo kabla ya dripu ya kwanza, kwa kuwa dawa hizo huweza kuuamsha uvimbe pale pale mionzi ilipopita.